Hotuba ya kutangaza washindi wa mapambo ya ofisi: shajara ya Wiki ya Huduma kwa Wateja

Jumatatu, 6 Oktoba

Wiki ya Huduma kwa Wateja imeanza leo. Huadhimishwa kila mwaka katika wiki kamili ya kwanza ya Oktoba, na hapa ofisini kwetu Dar es Salaam huwa inakwenda na mashindano ya kupamba idara. Mwaka huu Utawala umenikabidhi mimi mambo mawili: kukusanya alama za majaji, na kusimama kantini Ijumaa saa kumi jioni kutangaza washindi na kushukuru kila timu. Mkurugenzi ametaka hotuba isizidi dakika tano, kwa sababu saa kumi na moja basi la wafanyakazi linaondoka na halimsubiri mtu.

Timu zinazoshindana ni tano: Ghala, Huduma kwa Wateja, Masijala, Uhasibu na Tehama. Utawala haushindani kwa kuwa ndio unaosimamia. Majaji ni watatu na wote wanatoka nje: mteja wetu wa siku nyingi, mwalimu wa sanaa wa sekondari ya jirani, na afisa wa usalama mahali pa kazi kutoka tawi jingine. Kila jaji anatoa alama 100: ubunifu 30, ujumbe kwa mteja 30, matumizi ya vitu vilivyopo ofisini 20, usalama na usafi 20.

Kabla puto la kwanza halijapulizwa, nimetoa waraka na kuubandika ubao wa matangazo. Ndani yake nimeandika kwamba hatutajumlisha alama. Tutachukua nafasi ambayo kila jaji ameipa kila timu, ya kwanza hadi ya tano, kisha tutajumlisha nafasi hizo. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Timu mbili zikilingana, itatangulia ile iliyowekwa juu ya mwenzake na majaji wengi. Kaka mmoja wa Uhasibu amenifuata kuuliza kwa nini tunajisumbua namna hiyo wakati kujumlisha alama ni kazi ya dakika moja. Nimemwambia asubiri Alhamisi. Jambo lenyewe ni kwamba kanuni inayowekwa baada ya alama kuonekana, hata ikiwa nzuri kiasi gani, itaonekana imetungwa ili fulani ashinde. Ndiyo maana imebandikwa leo.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeanza kuandika hotuba bila kumjua mshindi, na nashauri yeyote atakayepewa kazi hii afanye hivyo. Sehemu kubwa ya hotuba ni shukrani, na shukrani hazitegemei matokeo. Ukisubiri matokeo, timu mbili au tatu zitapata maneno matamu na zilizobaki zitaambiwa “asanteni kwa kushiriki”. Mtu aliyebaki ofisini hadi usiku akikata karatasi akiambiwa hivyo, anajua kabisa kwamba hukupita kwenye idara yake.

Kwa hiyo leo nimepita idara zote na daftari. Nimejiwekea sharti moja: katika kila idara nitoke na kitu kimoja ambacho huwezi kukisema kwa idara nyingine yoyote. “Mmependeza sana” haimo. “Mmeonyesha ushirikiano” haimo.

Tehama wamenishangaza. Ukutani wameandika KARIBU SANA kwa vibonyezo vya kibodi zilizokufa. Nimesimama pale nikadhani wamechukua kibodi moja wakaitoa meno yake, mpaka kijana wao mmoja aliponionyesha: neno hilo lina herufi A tatu, na kila kibodi ina A moja tu. Wamefungua kibodi tatu, wakasugua kila kibonyezo kwa pamba na spiriti hadi weupe ukarudi. A ya mwisho ilikuwa imefutika kwa kutumika, wakaichora upya kwa kalamu ya rangi. Hiyo A ya tatu ndiyo niliyoandika.

Uhasibu wana maua. Rola za karatasi za mashine ya risiti zilizolowa maji kwenye kingo wakati wa masika, ambazo zingetupwa, wamezikunja zikawa waridi jeupe, moja kwenye kila dirisha la malipo. Dada aliyezikunja anaanza na kitovu kilichobana, halafu anaugeuza utepe nje kila baada ya mzunguko, ndipo petali zinafunguka.

Idara nyingine bado zilikuwa zinapanda ngazi na kushuka. Nitarudi kesho.

Jumatano, 8 Oktoba

Huduma kwa Wateja wamefunika kaunta yote kwa khanga, wakazipanga ili jina la kila khanga likae usawa wa macho ya mteja aliyesimama. Ile ya katikati inasema “Mgeni njoo mwenyeji apone”. Hapo ndipo nilipoona kazi: pindo la juu limekunjwa kwa ndani na kushonwa kwa mkono, kwa sababu gundi ingeiharibu khanga, na khanga hizo ni za akina mama wa idara wenyewe, zitarudi nyumbani Ijumaa.

Ghala wamechukua paleti zilizochakaa, wakazipiga randa na kutengeneza mabenchi mawili getini, mahali ambapo wateja wanaokuja kuchukua mizigo husimama juani. Juu yake wameezeka makuti. Nimeuliza habari za moto, maana makuti yakishika hayaombwi. Mzee wa ghala amenionyesha kwamba kibanda kiko mbali na jenereta na upande wa pili wa uzio, na ndoo za mchanga ziko hatua chache tu.

Masijala ndiyo nimekaa muda mrefu kuliko kote. Walikuwa na majalada matupu yaliyokuwa kwenye rundo la kuteketezwa. Wameyatundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya katani, kuanzia mlangoni hadi kwenye rafu za nyuma, na kila jalada linaeleza hatua moja ya safari ya faili la mteja: linapopokelewa, linaposajiliwa, linapokwenda kwa afisa, linaposubiri saini, linaporudi. Mteja mmoja mzee alikuwa anayafuata kwa kidole. Alipofika jalada la nne akasema, “Kumbe mimi niko hapa.” Nimekagua pia jambo lililonitia wasiwasi, yaani majina ya wateja. Wote wenye kazi yao walikuwa wamekwisha kulifikiria: kona yenye jina na namba imekatwa kwenye kila jalada, na vipande vimepitishwa kwenye mashine ya kuchana karatasi.

Sasa nina mambo matano ya kusema. Jioni nimeyaweka katika hotuba nikakutana na maswali mawili ambayo ni madogo lakini yanaweza kuharibu kila kitu.

La kwanza ni mpangilio. Ukishukuru timu kwa mfuatano wa matokeo, watu wanahesabu na kufahamu kabla hujatangaza. Ukifuata alfabeti hakuna atakayelalamika, ila hotuba inasikika kama mahudhurio ya darasani. Nimeamua kufuata njia anayopita mteja: getini kwa Ghala, kaunta ya Huduma kwa Wateja, Masijala, madirisha ya Uhasibu, na mwisho Tehama kule juu. Mfuatano huo una maana yake na hausemi lolote kuhusu nani ameshinda.

La pili ni urefu. Nimekuta Masijala nimewaandikia aya nzima na Tehama sentensi moja. Watu husikia tofauti hiyo hata wasipoihesabu. Kila timu sasa ina sentensi mbili au tatu, basi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Majaji wamepita asubuhi, kila mmoja kwa wakati wake, na wameniachia fomu. Hizi ndizo alama walizotoa.

Mteja: Masijala 86, Ghala 85, Huduma kwa Wateja 84, Uhasibu 82, Tehama 80. Afisa wa usalama: Masijala 84, Ghala 83, Huduma kwa Wateja 81, Uhasibu 80, Tehama 79. Mwalimu: Huduma kwa Wateja 92, Masijala 80, Ghala 75, Uhasibu 60, Tehama 55.

Tazama umbali kati ya alama ya juu na ya chini ya kila jaji. Kwa mteja ni alama 6, kwa afisa ni 5, kwa mwalimu ni 37. Mwalimu hakufanya kosa lolote. Amezoea kusahihisha kwa kutumia mizani yote, wakati wale wawili wanaona aibu kumpa mtu chini ya 79. Lakini tukijumlisha alama tupu, Huduma kwa Wateja wanapata 257, Masijala 250 na Ghala 243. Maana yake jaji mmoja amechagua mshindi peke yake, ilhali wenzake wawili wote wameiweka timu hiyo ya tatu.

Kwa nafasi hali ni nyingine. Masijala wana 1, 1 na 2, jumla 4. Ghala wana 2, 2 na 3, jumla 7. Huduma kwa Wateja wana 3, 3 na 1, jumla 7 pia. Uhasibu 12, Tehama 15. Ghala na Huduma kwa Wateja wamelingana, na kanuni ya waraka inasema tuangalie majaji wengi: wawili kati ya watatu wamewaweka Ghala juu. Kwa hiyo Masijala ni wa kwanza, Ghala wa pili, Huduma kwa Wateja wa tatu.

Njia hii nayo ina gharama yake. Mteja aliwaweka Ghala juu ya Huduma kwa Wateja kwa alama moja tu, na alama hiyo moja imepewa uzito uleule kama zile 12 ambazo mwalimu alizitenganisha kati ya Huduma kwa Wateja na Masijala. Kama majaji wangekuwa kumi ningefikiri upya. Wakiwa watatu, naona ni heri kulinda sauti ya kila mmoja kuliko kumwachia mwenye kalamu nzito. Kaka wa Uhasibu nimemwonyesha karatasi bila majina ya timu, akaielewa mara moja, maana hesabu ndiyo kazi yake.

Limebaki jambo la Tehama. Afisa wa usalama ameandika kwamba kitambaa chao kimefunika alama inayoonyesha mtungi wa kuzimia moto. Hilo haliingii kwenye hotuba hata kwa fumbo. Nimepanda juu nikamwambia kiongozi wao uso kwa uso, na kitambaa kimesogezwa leo leo.

Kuna pia pendekezo kwamba kila timu ipewe kikombe cha aina yake ili asiumie mtu: cha rangi, cha umoja, cha juhudi. Nimelikataa na Mkurugenzi amekubali. Vikombe vitano kwa timu tano vinaondoa thamani ya kile cha kwanza, na watu wazima wanaijua zawadi ya kufutwa machozi wakiiona. Tutatangaza nafasi tatu. Ya nne na ya tano hazitatajwa, lakini kila timu itapewa fomu zake kwenye bahasha ijisomee.

Ijumaa, 10 Oktoba, asubuhi

Nimeisoma hotuba kwa sauti nikiwa nimesimama, saa mkononi. Nikiacha nafasi ya makofi, inakaa ndani ya dakika tano. Salamu za itifaki nimezifupisha. Kumtaja kila mkuu wa idara kwa cheo kungekula dakika nzima. Majina ya watu binafsi nimeyaacha yote, kwa sababu ukitaja kumi utamsahau wa kumi na moja, na huyo ndiye atakayekumbukwa.

Shukrani zinatangulia, matokeo yanafuata. Mshindi akishatajwa kuna vigelegele, watu wanasimama, simu zinatolewa kupiga picha, na lolote utakalolisema baada ya hapo halina msikilizaji. Katika kutangaza, jina la timu linakuja mwisho wa sentensi, nami nanyamaza hapo hapo.

Nimeongeza watu ambao hawamo kwenye timu yoyote: akina mama wa usafi na walinzi. Wiki nzima wamefagia vipande vya karatasi na mabaki ya selotepu, na walinzi waliacha taa ikiwaka hadi saa tatu usiku kwa ajili yetu. Nimewaomba wasimamizi wao wawaruhusu waje kantini. Kumshukuru mtu ambaye hayupo ukumbini si shukrani.

Hotuba yenyewe ni hii:

“Ndugu Mkurugenzi, ndugu majaji wetu, ndugu wafanyakazi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Habari za jioni.

Naomba kwanza tutembee pamoja, kwa njia anayoipita mteja wetu.

Anafika getini. Ghala, mmemkuta amesimama juani mkampa benchi na kivuli, kwa paleti ambazo sisi wengine tuliziona kuni. Asanteni.

Anaingia ndani, anafika kaunta. Huduma kwa Wateja, mmempokea kwa khanga za nyumbani kwenu, na mmezishona kwa mkono ili zirudi salama. Aliyetoa nguo yake kumkaribisha mgeni amekaribisha kweli. Asanteni.

Anauliza faili lake liko wapi. Masijala, mmemjibu kabla hajafungua mdomo, kwa majalada yaliyokuwa yanangoja moto. Na siri ya kila mteja mmeitunza hadi kona ya mwisho ya karatasi. Asanteni.

Anakwenda kulipa. Uhasibu, nani alijua kwamba rola ya risiti iliyolowa ina waridi ndani yake? Mteja anatoa pesa na mbele yake kuna ua. Asanteni.

Anapanda juu. Tehama, mmemwandikia KARIBU SANA kwa kibodi tatu, na A ya mwisho mmeichora kwa mkono ili neno lisibaki pengo. Nawaomba wote mkaiangalie A hiyo kabla hamjaondoka. Asanteni.

Na wako waliopita nyuma yetu sote kwa fagio, na waliotulindia mlango tulipochelewa. Mama zetu wa usafi, walinzi wetu, naomba msimame tuwaone. Asanteni sana.

Majaji wetu, mmetoka kwenye shughuli zenu mkatupa asubuhi nzima. Tunashukuru.

Sasa matokeo. Kama waraka wa Jumatatu ulivyoeleza, tumehesabu nafasi ambazo kila jaji alitoa. Fomu ziko kwenye bahasha, kila timu itachukua zake.

Nafasi ya tatu. Timu hii jaji mmoja aliiweka ya kwanza kabisa. Ni Huduma kwa Wateja.

Nafasi ya pili. Timu hii ililingana na ya tatu, ikapita kwa sauti za majaji wawili. Ni Ghala.

Na nafasi ya kwanza. Majaji wawili waliiweka ya kwanza, wa tatu akaiweka ya pili. Kikombe cha mwaka huu kinakwenda Masijala.

Ndugu Mkurugenzi, karibu utukabidhie zawadi.”

Ijumaa, jioni

Imekwenda vizuri. Mahali pa kivuli na benchi Ghala waligonga meza zote. Akina mama wa usafi waliposimama, makofi yalichukua muda kuliko nilivyopanga, nami sikuyakatisha.

Nilikuwa na hofu juu ya Huduma kwa Wateja. Wiki ni yao kwa jina, na kuwa wa tatu katika wiki yako mwenyewe kunauma. Nilipotaja kwamba jaji mmoja aliwaweka wa kwanza niliwaona wakigeukiana, na kiongozi wao alikuja baadaye kuuliza ni jaji yupi. Nimemwambia afungue bahasha. Amesoma maneno ya mwalimu kuhusu pindo lililoshonwa kwa mkono, akaenda kuwaonyesha wenzake. Ile sentensi moja ya kweli kuhusu jaji iliwafaa kuliko pole yoyote.

Masijala hawakusikia lolote baada ya jina lao, kama ilivyotarajiwa. Foleni ya kwenda kuangalia A ya Tehama ilifika kwenye ngazi, na basi liliondoka na watu wote.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kesho ni mapumziko ya Siku ya Nyerere, kwa hiyo mapambo yametolewa leo. Selotepu imebandua rangi ukutani sehemu mbili kule Uhasibu; mwakani waraka utaje kamba na vibanio kama vya Masijala. Khanga zimerudi kwa wenyewe. Mabenchi ya Ghala Mkurugenzi ameagiza yabaki na yapakwe vanishi, lakini makuti yashushwe na badala yake liezekwe bati. Majalada ya Masijala nayo yanabaki hadi mwisho wa mwezi kwa maombi ya wateja.

Tehama na Uhasibu wote wamechukua bahasha zao. Tehama wameomba tarehe ya mashindano yajayo na nakala ya vigezo, hasa kile cha usalama. Nimewapa, na nyingine nimeiweka kwenye jalada la Utawala pamoja na waraka, fomu za majaji na hotuba, kwa ajili ya atakayepewa kazi hii mwaka ujao.